Kipato Kimoja Kutoka Miezi Kumi na Miwili: Namna Mwenye Mapato Yasiyolingana Anavyojaza Fomu ya Mkopo

Katika fomu nyingi za maombi ya mkopo kuna mstari mmoja mfupi ulioandikwa "Kipato cha mwezi", na mbele yake nafasi inayotosha tarakimu sita au saba tu. Mtumishi mwenye mshahara huujaza mstari huo bila shida, kwa kuwa hati yake ya mshahara hutaja kiasi kilekile Januari na Julai. Fundi cherehani, mvuvi, dereva wa bodaboda na mkulima wa machungwa husimama mbele ya mstari huo kalamu ikiwa hewani. Mwezi mmoja wamepata laki saba, mwingine hawakufikisha laki moja. Je, waandike mwezi upi?

Somo la toleo hili linajibu swali hilo kwa kufuata daftari la fundi mmoja wa nguo za kike na sare za shule katika mji wa Muheza. Jina lake tumelihifadhi, na hesabu zake tumezirahisisha ili zisomeke kwa wepesi. Alifika ofisi ya kata mwezi Aprili 2025 akiwa na fomu ya chama cha akiba na mikopo mkononi. Alitaka kununua mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke. Kwa kukosa mashine hiyo alikuwa akipeleka sare kwa fundi mwingine kufungwa kingo, na kumlipa kwa kila vazi.

Penye mstari wa kipato alikuwa ameandika shilingi 1,100,000.

"Shikamoo mama. Fedha hii ni ya kila mwezi?" afisa alimuuliza.

"Marahaba mwanangu. Si ya kila mwezi. Ni Desemba, Januari na Machi, nimejumlisha na kugawa kwa tatu."

"Na Februari je?"

Akacheka kidogo. "Februari usiiulize."

Somo letu linaanzia kwenye Februari hiyo.

Kwa nini miezi kumi na miwili na si mitatu

Kazi ya ushonaji Muheza ina majira yake, kama kilimo. Januari shule zinafunguliwa na wazazi wanataka sare. Kabla ya Idd el Fitri wanawake na watoto hushonewa nguo mpya, na Desemba huleta Krismasi na harusi. Katikati ya mwaka, wakulima wanapouza machungwa, nguo hushonwa kwa kiasi cha kuridhisha. Baada ya hapo huja miezi ambayo cherehani inakaa kimya: Mei mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, Oktoba, na zaidi ya yote Februari, mzazi akiwa ameshamaliza fedha zake kwa ada, madaftari na sare.

Sasa tazama jambo linalotokea mkopeshaji akiridhika na taarifa ya miezi mitatu tu. Fundi huyu akiomba mwezi Aprili, miezi mitatu iliyotangulia ni Januari, Februari na Machi. Wastani wa mauzo yake katika miezi hiyo ni shilingi 870,000. Akiomba mwezi Novemba, miezi mitatu iliyotangulia ni Agosti, Septemba na Oktoba, na wastani wa mauzo hushuka hadi shilingi 327,000 hivi. Mwanamke ni yuleyule, cherehani ni ileile, na bidii haikupungua. Kilichobadilika ni siku aliyobisha hodi. Mwezi Aprili angepewa mkopo uliomzidi uwezo. Mwezi Novemba angenyimwa hata ule anaoumudu.

Mzunguko wa miezi kumi na miwili hutibu upungufu huo kwa sababu kila msimu huingia ndani yake mara moja: msimu mmoja wa sare, Desemba moja, masika moja na Februari moja. Wastani wa mwaka mzima hautegemei siku ya kuomba, na hiyo ndiyo maana ya kuuita kipato cha kudumu.

Hatua ya kwanza: kutenga mauzo na kipato

Kosa la kwanza katika ile 1,100,000 lilikuwa ni kuchagua miezi minono. Kosa la pili lilijificha zaidi: fedha aliyoijumlisha ilikuwa mauzo, yaani kila shilingi iliyoingia mkononi kabla ya gharama kutolewa.

Mwezi Januari unalionyesha jambo hili vizuri. Nguo za kawaida mteja huja na kitambaa chake, na fundi hulipwa ufundi tu. Kwa sare, fundi hununua kitambaa mwenyewe kwa jora na kuuza vazi lililokamilika. Januari 2025 aliingiza shilingi 1,450,000, fedha nyingi kuliko mwezi wowote wa mwaka. Lakini vitambaa vya sare vilimgharimu 700,000. Fremu ya duka ilikuwa 50,000, msaidizi alilipwa 60,000, na umeme, uzi, vifungo na malipo ya kufungiwa kingo vikafika 40,000. Gharama zote ni 850,000, na kilichobaki ni 600,000. Machi aliingiza pungufu, shilingi 960,000, lakini kwa kuwa wateja wa Idd walileta vitambaa vyao, alibakiwa na 700,000. Anayetazama mauzo peke yake ataiona Januari kuwa mwezi bora wa mwaka, kumbe Machi ulimpita.

Mkopeshaji makini huuliza mambo haya mawili kwa majina tofauti. Fomu ikisema "mauzo ya mwezi", andika fedha yote inayoingia. Ikisema "kipato" au "faida", andika kilichobaki baada ya gharama za kazi. Ikiwa haieleweki inataka kipi, andika kipato halisi na useme wazi kuwa gharama zimekwisha kutolewa.

Hatua ya pili: kusafisha daftari

Fundi wetu alikuwa na daftari tangu Aprili 2024, pamoja na taarifa ya miamala ya simu ya mwaka mzima. Vyote viwili vilihitaji kusafishwa kabla ya kujumlishwa.

Taarifa ya simu huonyesha kila fedha iliyoingia, lakini si kila iliyoingia ni mapato ya kazi. Ndani yake mlikuwa na mgao wa kikoba wa mwisho wa mwaka, fedha aliyotumiwa na mwanawe kwa matibabu, na marejesho ya deni la shoga yake. Hizo zote ziliondolewa. Mgao wa kikoba ni akiba yake mwenyewe iliyorudi. Ukiuhesabu kuwa kipato, fedha ileile inahesabiwa mara mbili, siku ilipopatikana na siku ilipogawiwa. Mlikuwa pia na kianzio ambacho wateja wawili walilipa kisha wakarudishiwa baada ya kughairi. Nacho kikaondolewa.

Upande wa gharama, jambo lililosumbua ni kodi ya fremu. Aliilipa kwa miezi sita kwa mkupuo, shilingi 300,000 mwezi Aprili na 300,000 nyingine mwezi Oktoba. Daftari likisomwa kama lilivyo, Oktoba inaonekana kuwa mwezi wa hasara. Kwa kuwa fremu ilitumika miezi yote, kodi iligawanywa, kila mwezi ukabeba 50,000. Kwa jumla ya mwaka mgawanyo huo haubadilishi kitu, ilimradi ndani ya miezi kumi na miwili mmeingia kodi ya miezi kumi na miwili, isizidi wala isipungue. Mtu aliyelipa kodi mara tatu ndani ya dirisha lake, au mara moja tu, atapata jibu lisilo sahihi bila kujua sababu.

Chakula cha nyumbani, ada za watoto na mchango wa msiba havimo katika gharama za kazi. Vina mahali pake, nasi tutavifikia.

Hatua ya tatu: kujumlisha na kugawa

Baada ya usafi huo jedwali lilisomeka hivi. Kiasi chote ni kwa shilingi.

| Mwezi | Mauzo | Gharama | Kipato halisi |
|---|---|---|---|
| Aprili 2024 | 620,000 | 180,000 | 440,000 |
| Mei | 260,000 | 110,000 | 150,000 |
| Juni | 520,000 | 160,000 | 360,000 |
| Julai | 480,000 | 150,000 | 330,000 |
| Agosti | 430,000 | 140,000 | 290,000 |
| Septemba | 300,000 | 120,000 | 180,000 |
| Oktoba | 250,000 | 110,000 | 140,000 |
| Novemba | 330,000 | 130,000 | 200,000 |
| Desemba | 900,000 | 280,000 | 620,000 |
| Januari 2025 | 1,450,000 | 850,000 | 600,000 |
| Februari | 200,000 | 110,000 | 90,000 |
| Machi | 960,000 | 260,000 | 700,000 |
| Jumla | 6,700,000 | 2,600,000 | 4,100,000 |

Jumla ya kipato halisi ni 4,100,000. Ukiigawa kwa 12 unapata shilingi 341,667 kwa mwezi.

Gawa kwa 12 hata kama kuna mwezi ambao hukupata kitu. Wapo wanaouruka mwezi waliougua au waliosafiri, kisha wakagawa kwa 11 wakisema kuwa mwezi ule hawakufanya kazi. Rejesho la mkopo haliruki mwezi wa ugonjwa, kwa hiyo wastani nao usiuruke. Aliyeanza kazi miezi minane tu iliyopita asijitungie minne iliyosalia. Ataje miezi minane kama ilivyo, na aeleze ni misimu ipi imo na ipi haimo.

Idd mbili katika dirisha moja

Hapa hesabu ilionekana kukamilika. Ndipo mwenyewe fundi, akiwa ameweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa jedwali, akasema: "Mwanangu, hii Aprili si Aprili ya siku zote. Hii ni Idd."

Alisema kweli. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa kalenda ya ofisi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idd huja mapema zaidi kila mwaka. Mwaka 2024 Idd el Fitri ilikuwa tarehe 10 Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 31 Machi. Dirisha linaloanza tarehe 1 Aprili 2024 na kuishia tarehe 31 Machi 2025 lina Idd el Fitri mbili ndani yake. Nguo za Idd ya 2025 zimo zote, na nguo za Idd ya 2024 zimo zile zilizolipiwa katika siku kumi za mwanzo wa Aprili.

Daftari lilionyesha kuwa katika siku hizo kumi aliingiza 340,000 za nguo za Idd, kwa gharama ya 80,000. Kipato halisi cha siku hizo ni 260,000. Msimu wa Idd ulikuwa tayari umewakilishwa kikamilifu na Machi 2025, hivyo kipato hicho kiliondolewa. Aprili ikashuka kutoka 440,000 hadi 180,000, na jumla ya mwaka ikawa 3,840,000. Igawe kwa 12: shilingi 320,000 kamili. Kwa njia hiyohiyo wastani wa mauzo ukawa 530,000 na wastani wa gharama 210,000.

Tofauti ya elfu ishirini na moja na ushei kwa mwezi huenda ikaonekana ndogo. Lakini kwa mwaka ni robo milioni isiyokuwepo, na rejesho lililopangwa juu yake lingekosa pa kutoka. Kila mwenye kazi inayofuata mwezi mwandamo, au inayofuata mavuno yanayowahi na kuchelewa, ajiulize kabla ya kugawa: je, kila msimu wangu umeingia katika dirisha hili mara moja tu? Mkulima aliyeuza mavuno ya mwaka jana kwa kuchelewa na ya mwaka huu kwa kuwahi anaweza kujikuta ana mavuno mawili katika miezi kumi na miwili, au asiwe na mavuno hata moja.

Wastani unajibu swali moja, si yote mawili

Fundi alikuwa ameomba 3,000,000, kwa sababu kwa kipato cha 1,100,000 ulionekana kuwa mkopo mdogo. Chama chake kinatoza riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya mkopo wa awali, na kurejesha ni kwa miezi 12. Mkopo huo ungezaa riba ya 360,000, na rejesho lingekuwa 280,000 kila mwezi. Katika 320,000 zake, angebaki na 40,000 za kulisha nyumba. Sehemu yake katika matumizi ya nyumbani ni 200,000 kwa mwezi. Hakuna bidii inayoziba pengo hilo. Wa kwanza kuliziba wangekuwa wadhamini wake wawili, ambao ni jirani na wifi yake.

Tukarudi kwenye bei ya mashine yenyewe. Mashine aliyoichagua, imetumika lakini nzima, ilikuwa 900,000. Riba yake kwa mwaka ni 108,000, jumla ni 1,008,000, na rejesho ni 84,000 kwa mwezi. Kipato cha 320,000 kikitolewa matumizi ya 200,000 hubaki 120,000, na 84,000 zinaingia humo kwa nafasi. Wastani ulikuwa umejibu swali la kwanza: mkopo huu anaumudu.

Swali la pili ni lini. Mkopeshaji halipwi wastani; hulipwa shilingi 84,000 kila mwezi, na Februari nayo ni mwezi. Kila mwezi fundi anahitaji 284,000, yaani 200,000 za nyumbani na 84,000 za rejesho. Tukachukua jedwali lilelile, Aprili ikiwa ile iliyosahihishwa, tukalipitia mwezi kwa mwezi kwa kudhani kuwa mwaka ujao utafanana na uliopita.

Rejesho la kwanza likiwa Mei, anaanza na upungufu wa 134,000 papo hapo. Juni, Julai na Agosti wanaupunguza hadi kubaki 6,000. Kisha Septemba, Oktoba na Novemba wanaurudisha kwa kishindo: kufikia mwisho wa Novemba amepungukiwa na 338,000 kwa jumla. Desemba karibu inaliziba shimo lote, na kufikia Aprili inayofuata ana ziada ya 432,000. Mwaka mzima unalipa, na bado katikati yake kuna Novemba ambamo angeshindwa.

Rejesho la kwanza likiwa Desemba, mambo yanageuka. Desemba anaweka akiba ya 336,000. Januari inaifikisha 652,000. Februari inakula 194,000 na kuacha 458,000. Machi inaipandisha tena hadi 874,000, na miezi myembamba inayofuata inakula polepole bila kuimaliza. Mwisho wa Novemba ana 432,000 zilezile, wala hakupungukiwa hata mwezi mmoja. Mkopo ni uleule, riba ni ileile na wastani ni uleule. Mwezi wa kuanza ndio uliookoa au kuangamiza.

Fundi hakutaka kungoja hadi Desemba, maana mashine ingempunguzia gharama mapema. Jibu lake lilikuwa katika fedha za Idd alizokuwa amezishika siku zile. Machi alipata 700,000 na nyumba ikatumia 200,000. Katika 500,000 zilizobaki alitenga 340,000 katika akaunti yake ya akiba ya chama, kiasi kinacholifunika shimo la Novemba, na akakubali kuwa fedha hiyo si ya kitambaa wala ya harusi ya mtu. Kwa akiba hiyo, rejesho la kwanza la Mei likawezekana.

Yapo mambo mawili ambayo hesabu hii haiyaoni. Haioni mwaka utakaokuwa mbaya kuliko uliopita, na haioni mtoto atakayeugua. Ndiyo maana tulihesabu bila kuongeza faida itakayoletwa na mashine mpya. Ikileta faida, hiyo itakuwa kinga yake. Mkopo unaolipika tu ikiwa mashine italeta faida iliyotarajiwa umekwisha kuwa mzito kabla ya kusainiwa.

Namna ya kuiandika

Fomu ilifutwa na kujazwa upya. Penye kipato cha mwezi akaandika 320,000, na chini yake, kwa maandishi madogo, maelezo haya:

*Kipato halisi baada ya gharama za kazi. Wastani wa miezi 12, Aprili 2024 hadi Machi 2025. Kipato cha Idd ya 2024 kilichoangukia Aprili kimeondolewa ili msimu wa Idd uhesabiwe mara moja. Mwezi wa juu kabisa 700,000 (Machi), wa chini kabisa 90,000 (Februari). Jedwali na daftari vimeambatishwa.*

Wengine huogopa kutaja mwezi wa chini, wakidhani unawaharibia. Afisa mikopo atauona hata hivyo, kwa kuwa ataomba taarifa ya miamala ya simu. Akiukuta mwenyewe, atajiuliza ni nini kingine kimefichwa. Akiukuta umeandikwa, pamoja na akiba iliyotengwa kuufunika, hana sababu ya kuutilia shaka mstari wa juu. Vilevile kiasi kilichomo katika fomu kilingane na daftari, na daftari lilingane na hesabu unazozipeleka kwa maofisa wa kodi. Mtu mwenye mapato matatu kwa ofisi tatu huaminiwa na ofisi moja tu, na si kwa muda mrefu.

Kwa vikundi

Vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, havitozwi riba, lakini marejesho yao nayo yana tarehe. Hesabu ni hii hii, kwa nyongeza moja. Kila mwanakikundi aandae jedwali lake la miezi kumi na miwili, kisha majedwali yajumlishwe mwezi kwa mwezi kabla ya kutafuta wastani wa kikundi. Mkianza kwa wastani wa kila mmoja na kuujumlisha, mtapata kiasi sahihi, lakini hamtaona mashimo. Kikundi cha mafundi cherehani watano kina Februari tano zinazoanguka pamoja. Kikundi chenye fundi, muuza machungwa na mama lishe huenda kikawa na wastani uleule, na bado kikalipa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa mwezi mwembamba wa mmoja ni mwezi mnono wa mwenzake.

Fundi wetu alipoinuka kuondoka alilikunja jedwali na kulitia ndani ya daftari. Mlangoni akageuka.

"Kumbe Februari imesaidia."

"Imesaidia nini, mama?"

"Ningeificha, ningekopa milioni tatu."